Insha ya IELTS yenye maneno 203: ikatwe bendi au isomwe kama ilivyo?

"Shikamoo mwalimu. Nimeandika insha ya maoni ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa dakika 40. Swali: elimu ya chuo kikuu iwe bure kwa wote bila kujali kipato, unakubali kwa kiasi gani? Nimehesabu, nimefikisha maneno 203 tu. Anayenifundisha anasema haiwezi kuvuka bendi 5, mwenzangu anasema siku hizi urefu hauhesabiwi. Wewe ungeikadiria ngapi?"

Marahaba. Ningeipa 6, na ukiniuliza ingeweza kushuka hadi wapi, ningesema 5.5. Lakini sikuifikia namba hiyo kwa kuhesabu upungufu wako na kukata alama, wala sikuifikia kwa kufumba macho nikajifanya insha ni ndefu ya kutosha. Hao wawili waliokushauri kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na insha yako inaonyesha vizuri kila kipande kinaishia wapi.

Nianze na anayekufundisha. Maagizo ya mtihani yako wazi: andika maneno yasiyopungua 250. Kwa miaka mingi miongozo ya watahiniwa ilionya kwamba jibu fupi hupoteza alama, na walimu wengi tulijifunza kusahihisha hivyo: unahesabu, unaona pengo, unapunguza bendi kwenye kigezo cha kujibu swali. Isitoshe, namba 250 ina mantiki yake. Utangulizi wa sentensi mbili tatu unakula maneno 40 hivi. Aya mbili za hoja, kila moja ikiwa na hoja, sababu na mfano, zinakula 80 hadi 90 kila moja. Hitimisho nalo linataka 30 au 35. Jumlisha, uko pale pale kwenye 250. Kwa hiyo anayeishia 200, mara nyingi kuna kitu amekiruka, na mwalimu aliyesoma insha nyingi za namna hiyo anakisia kabla hajafika aya ya tatu.

Mwenzako naye hakukudanganya. Maelezo ya bendi yaliyotolewa kwa umma, yale yaliyofanyiwa marekebisho Mei 2023, hayana mstari unaosema insha ya maneno 203 ikatwe kiasi fulani. Idadi ya maneno inatajwa chini kabisa, ambako jibu la maneno 20 au pungufu linawekwa bendi 1. Kuanzia hapo kwenda juu, kinachopimwa ni kama sehemu za swali zimejibiwa, kama msimamo uko wazi, na kama hoja zimekuzwa na kushikiliwa na ushahidi. Hicho ni kigezo kimoja tu kati ya vinne. Vingine ni mtiririko na uunganishaji wa mawazo, msamiati, na sarufi, na vyote vina uzito sawa. Mtu anayesema insha fupi "haiwezi kuvuka 5" kwa ujumla wake anataka vigezo vyote vinne viadhibiwe kwa kosa lililotokea kwenye kimoja. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Sasa tuifungue insha yenyewe. Utangulizi una maneno 52, aya ya kwanza ya hoja 84, ya pili 45, hitimisho 22. Sentensi yako ya kwanza, yenye maneno 19, umeinakili kutoka kwenye swali karibu neno kwa neno. Maneno yaliyonakiliwa hayahesabiwi kuwa yako, hivyo mtahini anabaki na 184. Ulidhani umepungukiwa na 47, kumbe pengo ni 66. Hili huwaponyoka watu wengi, hasa wanaofanya mtihani kwa kompyuta, kwa sababu kihesabu maneno cha kwenye skrini hakitofautishi maneno yako na maneno ya swali.

Aya ya kwanza ya hoja ni nzuri. Umesema ada inawafungia nje watoto wa maskini, ukaeleza kwamba hata mkopo unaogopesha familia isiyo na kipato cha uhakika, ukamleta mtoto wa mkulima aliyefaulu akaishia kubaki nyumbani. Hoja, sababu, mfano. Hapo hakuna ufupi wowote wa kulalamikia.

Aya ya pili ndiyo inayokuangusha. Unasema taifa hufaidika na wasomi, kisha unasema nchi "hupata faida nyingi," kisha unarudia kwamba wasomi ni muhimu kwa maendeleo. Faida zipi? Kupitia nani? Sentensi tatu, wazo moja, na wazo lenyewe halijasogea.

Kuna tatizo kubwa zaidi ambalo nisingeliona kama ningehesabu maneno tu. Swali halikuuliza kama maskini wasaidiwe. Limeuliza kama elimu iwe bure kwa wote bila kujali kipato. Umesema unakubali kabisa, lakini aya yako yenye nguvu inatetea mtoto wa mkulima peke yake. Mtu anayepinga elimu bure kwa wote anaweza kuisoma, akakubali kila neno, halafu akasema: sawa, basi tuwape ruzuku hao maskini, matajiri walipe. Hujamjibu. Kipande cha "bila kujali kipato," ambacho ndicho kiini cha swali, hakikuguswa popote. Maneno yaliyokosekana kwenye insha yako ndiyo yangepaswa kukijibu.

Ndiyo maana kwenye kigezo cha kujibu swali nakupa 5: swali limejibiwa nusu, msimamo upo lakini haukukuzwa mpaka mwisho. Mtiririko nakupa 6. Aya zimepangwa, ila kwenye aya ya pili kila sentensi imeanza na kiunganishi, na viunganishi hivyo vinabeba mzigo ambao ungebebwa na mawazo. Msamiati 7. Unatumia maneno yanayozoeana pamoja, na umeeleza woga wa deni kwa njia tatu tofauti bila kujirudia. Sarufi 6. Sentensi changamano zipo na nyingi zimesimama, lakini mara tano umeacha kibainishi kama "a" au "the" mbele ya nomino ya umoja, na mara mbili kitenzi hakikupatana na kiima. Jumla 24, gawa kwa nne, ni 6.

Sasa angalia jambo hili. Aliyezoea njia ya zamani angeweza kuona kigezo cha kujibu swali kinastahili 6, akakata bendi moja kwa ufupi, akapata 5 kama mimi. Namba imelingana, lakini kwa bahati tu. Chukua insha nyingine ya maneno 225 kuhusu swali hilo hilo, isiyonakili kitu, yenye hoja mbili zilizoshibishwa, na inayomjibu yule anayesema matajiri walipe. Ukiikata bendi moja umemwonea mwandishi wake. Mimi ningeiacha kwenye 7 katika kigezo hicho kama hoja zake zimesimama. Na chukua nyingine ya maneno 270 iliyojaa marudio kama ya aya yako ya pili. Imevuka 250 na haistahili zaidi ya 5 vilevile. Njia ya kukata kwa kipimo inashindwa pande zote mbili, na hilo ndilo linanifanya niegemee kwa mwenzako kuliko kwa anayekufundisha.

Lakini sitaegemea mpaka nidondoke. Ufupi una madhara ya pili ambayo wanaosema "urefu hauhesabiwi" huyasahau: unampa msomaji sampuli ndogo. Kwenye maneno 184, msamiati wako wa 7 naukadiria kwa kutazama maneno machache tu yenye uzito. Huenda ungeandika aya moja zaidi ukaanza kurudia maneno yale yale, ukashuka hadi 6. Kwenye sarufi nako inaweza kushuka hadi 5: makosa saba ndani ya maneno 184 ni mengi kuliko makosa saba ndani ya 260. Hapo ndipo ile 5.5 niliyoitaja mwanzoni inapotoka. Insha ikipungua sana, tuseme ikiishia 120, jambo hili linakuwa zito mno. Hakuna nafasi ya aya mbili zenye mwili, mtiririko hauna cha kuunganisha, na sentensi za kupima sarufi zinabaki saba au nane. Hapo sitathubutu kutoa makadirio ya nusu bendi. Nitasema iko chini ya 5, na niishie hapo.

Kuna jambo moja ambalo mgawanyo wa maneno yako unaniambia. 84, kisha 45, kisha 22. Insha inayopungua kwa mteremko hivyo kwa kawaida imeishiwa muda. Aliyeishiwa mawazo huandika aya zinazolingana kwa wembamba. Na nikitazama utangulizi wako wa maneno 52, naona dakika zilikoanzia kupotea: umeandika upya swali, umelipanua, ndipo ukasema msimamo. Sentensi iliyonakiliwa ilikugharimu muda wa kuiandika na haikukuletea chochote.

Kwa hiyo usiongeze maneno 47 popote tu. Ukijaza sifa za elimu kwenye hitimisho utafika 250 na utabaki na 5 kwenye kigezo kile kile. Futa sentensi ya kwanza, taja mada kwa maneno yako kwa ufupi, kisha weka wazo kama hili kati ya aya ya pili na hitimisho:

Wapo wanaosema mtoto wa tajiri hana haja ya kubebwa na serikali. Lakini ada ikishategemea kipato, kila familia italazimika kuthibitisha ilicho nacho, na katika nchi ambayo wengi wanaishi kwa kilimo na biashara ndogondogo hilo ni gumu kulipima, kwa hiyo walio katikati ndio huachwa nje.

Ukiliandika kwa Kiingereza litachukua maneno kama 50, na linajibu kile hasa ulichoulizwa. Halafu ile sentensi ya "faida nyingi" ibadilishe itaje faida moja na njia yake, kwa mfano daktari aliyesomeshwa bila deni anaweza kukubali kituo cha kijijini chenye mshahara mdogo. Nikiisoma insha hiyo, kujibu swali kunapanda hadi 7, na hata kama vigezo vingine vitatu havikusogea, jumla ni 26, yaani 6.5. Vibainishi vyako bado vingebaki vinakusubiri kwenye sarufi, na hivyo havihusiani na urefu hata kidogo.