Mwenye mtaji mdogo aache jengo, lakini kipande nacho akipime bei

Mtu mwenye shilingi milioni mbili na ushee jijini Nairobi hanunui jengo. Atakachopata ni bedsita moja pembezoni mwa mji. Tuseme ameipata kwa milioni 2.5. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 100,000, na wakili tumkadirie 50,000. Anaipangisha kwa 15,000 kwa mwezi. Ikikaa tupu mwezi mmoja, akalipa 30,000 za ulinzi na usafi kwa mwaka, na 10,000 za mabomba na rangi, mkononi hubaki 125,000. Hiyo haifiki asilimia 5 ya alichotoa, ilhali hatifungani za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10. Na mpangaji wake ni mmoja tu: akihama, mapato yote yamekwenda naye.

Kwa hesabu hiyo, mimi niko upande wa mifuko ya majengo, ile inayoitwa REIT, ambamo watu wengi huchanga pesa za kununua majengo na kila mmoja humiliki vipande vya mfuko. Nchini Kenya, mfuko unaomiliki majengo ya kupangisha hutakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya faida yake, kwa hiyo mwenye vipande vichache hupata kodi ya maduka na ofisi bila kumfuata mpangaji mlangoni.

Lakini someni habari ya Fahari, mfuko wa kwanza wa aina hii kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Novemba 2015 kipande kilitolewa kwa shilingi 20. Jengo lake kuu ni Greenspan, maduka ya Donholm. Miaka ilivyosonga bei ikashuka, hadi mwaka 2023 ilikuwa chini ya 7, ingawa thamani ya majengo kwa kila kipande vitabuni ilibaki juu zaidi ya hapo. Majengo hayakubomoka. Mfuko ulikuwa mdogo, gharama za uendeshaji zikala sehemu kubwa ya kodi, na wanunuzi sokoni walikuwa wachache mno, hivyo bei ikawekwa na mwenye shida ya kuuza.

Mwaka huohuo wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa 11. Aliyeingia kwa 20 alipoteza asilimia 45 ya mtaji, ukiacha gawio. Aliyenunua karibu na 7 alipata faida nono kutokana na majengo yaleyale. Februari 2024 Fahari ikaondoka kwenye soko kuu, na kwangu hilo ni pigo, maana mlango wa mtu wa kawaida ulizidi kuwa mwembamba.

Kwa hiyo usinunue vipande siku ya uzinduzi kwa sababu ya matangazo. Chukua ripoti ya mwaka, gawanya mali halisi, yaani mali ukiondoa madeni, kwa idadi ya vipande, ulinganishe na bei unayotajiwa. Kisha uliza kwa wiki huuzwa vipande vingapi. Vikiwa vichache, weka pesa ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano.