Barua ya Kujiuzulu Isiyosema Siku ya Mwisho

Nilikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, Dar es Salaam, kwa miaka minne, na nafasi hiyo niliipata kwa sababu aliyenitangulia aliandika barua ya mistari mitatu. Alisema anajiuzulu kuanzia siku ile kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, akamkabidhi katibu barua pamoja na daftari, akaondoka. Siku ya tisa tukafiwa. Benki ilikuwa na maelekezo kwamba kila hundi iwe na saini ya mweka hazina pamoja na ya mwenyekiti au katibu. Saini iliyokuwa benki ilikuwa yake bado, naye akajibu, kwa haki kabisa, kwamba yeye si kiongozi tena. Rambirambi ya mfiwa tuliikopa kwa wanachama wawili, huku fedha za chama zikiwa zimelala benki.

Tangu hapo ninaamini kwamba kosa kubwa la barua hizi ni tarehe. Watu wengi huandika tarehe moja tu, ile ya juu ya barua, na kuiacha ifanye kazi zote, ilhali siku ya kuandika, siku ya makabidhiano na siku ya kuacha madaraka ni siku tatu tofauti. Iwapo katiba ya chama imetaja muda wa notisi, huo ndio wa kufuata. Ikiwa imenyamaza, mimi ningetoa mwezi mmoja, kwa sababu benki haibadilishi mtia saini kwa barua ya anayeondoka. Itataka muhtasari wa kikao kilichomteua mpya, uliosainiwa, pamoja na vitambulisho vyake, na kikao chenyewe kinahitaji siku za kuitishwa.

Jambo la pili ni neno "naomba". Adabu yetu hutusukuma kuandika "naomba kujiuzulu", na hapo ndipo mzozo huanza, kwani ombi husubiri kukubaliwa, na kamati isiyokutana inaweza kumfunga mtu miezi mingi. Ilipofika zamu yangu, baada ya anwani, tarehe ya 1 Septemba 2024 na "YAH: KUJIUZULU NAFASI YA MWEKA HAZINA", niliandika hivi:

"Ninakutaarifu kwamba ninajiuzulu nafasi ya mweka hazina na ujumbe wa kamati, kwa kuwa nimehamishwa kikazi. Siku yangu ya mwisho madarakani itakuwa tarehe 30 Septemba 2024. Makabidhiano napendekeza yafanyike Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2024, mbele ya mwenyekiti na mjumbe mmoja asiye wa kamati. Hadi siku yangu ya mwisho nitaendelea kusaini malipo yaliyoidhinishwa na kamati. Ninabaki kuwa mwanachama wa kawaida na nitaendelea kulipa ada."

Sentensi ya mwisho si mapambo. Katika chama cha kuzikana, mtu anayedhaniwa amejitoa kabisa anaweza kukuta jina lake limekatwa kwenye orodha, na familia yake ikalijua hilo siku ya msiba. Barua nilimwandikia katibu, nakala kwa mwenyekiti, nami nikabaki na nakala yangu ambayo katibu aliiandika "imepokelewa", akatia saini na tarehe.

Sababu sikuieleza zaidi ya kusema nimehamishwa kikazi. Malalamiko hayana nafasi katika barua hii. Lakini sikubaliani na wanaoficha upungufu wa fedha nyuma ya maneno "sababu binafsi": aliyeuona auandike kwenye hati ya makabidhiano, kwa kiasi na tarehe, vinginevyo atakuja kuulizwa yeye.

Hati yetu ilikuwa ukurasa mmoja. Daftari la fedha lilionyesha salio la benki la shilingi 4,860,000, na taarifa ya benki ya siku ileile ilionyesha 5,010,000. Mrithi wangu alikunja uso, akidhani nimesahau kuandika mapato. Tofauti ya 150,000 ilikuwa hundi ya rambirambi niliyoiandika wiki ile, ambayo mfiwa hakuwa ameipeleka benki. Nilimwonyesha kishina chake, tukaandika namba yake kwenye hati. Fedha taslimu tulizihesabu mezani: 85,000. Vilifuata kitabu cha hundi chenye namba ya karatasi ya kwanza iliyobaki, kitabu cha stakabadhi kwa mtindo uleule, na orodha ya wanaodaiwa ada. Tukasaini wanne, kila upande ukachukua nakala.

Saini yangu benki iliondolewa tarehe 9 Oktoba, siku tisa baada ya muda niliouandika. Siku hizo kamati haikupitisha malipo yoyote, na hilo lilikuwa bahati tu. Leo ningeiitisha kamati kwanza, ndipo nipange tarehe.