Nakala rudufu za mchana: tatizo ni foleni, si saa

Ofisi inapolalamika kwamba intaneti imekuwa nzito tangu nakala rudufu zianze kupelekwa kwenye wingu, agizo la kwanza huwa lile lile: zihamishiwe usiku. Agizo hilo lina mantiki, na kwa kazi moja nitakayoifikia mbele halina mbadala. Hata hivyo, linachukulia kwamba kinachoumiza ni wingi wa data, ilhali kinachoumiza ni mahali data hiyo inaposubiri.

Tuchukue ofisi ya uhasibu yenye watu 15, ambayo laini yake hupakua kwa megabiti 20 kwa sekunde na kupakia kwa megabiti 5. Seva yake huzalisha mabadiliko ya gigabaiti 6 kwa siku. Programu ya nakala ikianza saa 4 asubuhi hujaza megabiti zote 5, na ziada hupanga foleni ndani ya modemu. Ikiwa modemu hiyo ina nafasi ya kusubiria ya megabaiti 1, yaani megabiti 8, foleni iliyojaa huchukua sekunde 1.6 kumalizika. Kila pakiti inayofika inaingia nyuma ya foleni hiyo, hata ya simu ya sauti ambayo yenyewe haihitaji zaidi ya kilobiti 100 hivi kwa sekunde. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inapendekeza ucheleweshaji wa mazungumzo usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hapa tumeshauzidisha mara kumi.

Kupakua nako hukwama, kwa sababu kompyuta inayopokea data lazima irudishe uthibitisho kwa aliyeituma, na uthibitisho huo unapita katika foleni ile ile. Ndiyo maana ofisi nyingine hununua kasi kubwa zaidi ya kupakua na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Kipimo ni rahisi: endesha `ping 8.8.8.8` nakala zikiwa zimesimamishwa, kisha zikiwa zinaendelea. Milisekunde 40 zikigeuka 1,600, mkosaji amejulikana.

Sasa tazama hesabu ambayo wenye agizo la usiku huiruka. Gigabaiti 6 zikisambazwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni zinahitaji wastani wa megabiti 1.33 tu kwa sekunde, kidogo zaidi ya robo ya laini. Kazi ya siku nzima inaenea ndani ya siku hiyo hiyo bila kumsumbua mtu, mradi ikubali kupisha. Ikihamishiwa saa 2 usiku, diski ikifa saa 10 jioni ofisi inapoteza kila kilichoandikwa tangu jana usiku. Na kama usiku huo umeme ulikatika, au aliyetoka mwisho alizima seva kwa nia njema, hasara ni ya siku mbili. Kompyuta za mkononi ndizo huathirika zaidi, maana usiku haziko ofisini kabisa.

Kinachohitajika, basi, ni ruta inayojua kupanga zamu, kazi ambayo kwenye mipangilio yake huandikwa QoS. Kwenye ruta ya Linux, ambapo seva ni 192.168.1.10 na mlango wa kutokea nje ni `eth0`, mistari miwili inatosha:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -s 192.168.1.10 -o eth0 -j DSCP --set-dscp-class CS1
tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 4500kbit diffserv4 nat
```

Wa kwanza unaipa data ya seva alama ya daraja la chini. Wa pili unaipa daraja hilo sehemu ndogo laini inapobanwa na kuliachia nafasi yote wengine wanapotulia. Namba 4500 si ya kubahatisha. Lazima iwe chini kidogo ya kasi halisi, ili foleni ijengeke ndani ya ruta, inayoweza kuchagua nani atangulie, badala ya modemu isiyojua kuchagua. Anayeandika 5000 au zaidi huona mipangilio yake haifanyi lolote, kisha huilaumu QoS. Alama nayo tumeifunga kwa anwani ya seva kwa makusudi, kwani data ya nakala husafiri kwa HTTPS kama kurasa za kawaida, na kuitambua kwa namba ya mlango wa huduma au kwa anwani inakokwenda hupotosha mara nyingi.

Gharama zipo. Asilimia 10 ya kupakia imetolewa sadaka, na kwenye laini ya 4G, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, namba moja isiyobadilika haitoshi: kasi ikishuka hadi megabiti 3, foleni inarudi kwenye modemu. Huko ratiba ya usiku ina haki zaidi.

Ina haki pia kwa nakala ya kwanza kabisa. Gigabaiti 400 kwa megabiti 5 ni saa 178 mfululizo. Kwa usiku wa saa 13 ni karibu siku 14. Kazi hiyo ipewe usiku na mwisho wa juma, seva iachwe inawaka, na ikishakamilika mabadiliko ya kila siku yarudishwe mchana.