Kikaratasi cha Faini Kisichosema Barua Ipelekwe Mlango Gani

"Mkazi asiyeridhika na faini anaweza kuwasilisha malalamiko yake katika ofisi husika." Sentensi hii, au dada yake, ndiyo hukaa chini kabisa ya vikaratasi vya maelezo kuhusu faini ambavyo kaunti huwagawia wenye vibanda, madereva wa tuktuk na wenye maduka. Ofisi husika! Malindi tuna ofisi za manispaa, tuna ofisi za kaunti ndogo, tuna Bunge la Kaunti hapa hapa mjini, kisha makao makuu ya kaunti yako Kilifi. Mwenye kibanda aanzie wapi, na nauli atoe nani?

Aliyeandika hivyo hakukusudia mtu apinge. Alikusudia aonekane ameandika.

Kikaratasi cha maana kingeanza na swali moja: hiyo karatasi uliyoshika mkononi ni ilani ya kulipa, au ni ya kuitwa mahakamani? Sote huziita faini, lakini njia zake ni mbili mbalimbali. Askari wa kaunti hawezi kumtia mtu hatiani, kwani Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinamhesabu mtu hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Ilani ya kulipa ni uamuzi wa kiutawala, na hupingwa kwa barua. Karatasi yenye jina la mahakama, nambari ya kesi au tarehe ya kufika mbele ya hakimu haipingwi kwa barua kwa karani yeyote. Anayepeleka barua manispaa huku tarehe yake ya kortini inapita, hakimu anaweza kutoa amri akamatwe, na barua yake yenye mhuri haitamfaa kitu.

Tuchukue mfano wa ilani, maana hizo ndizo nyingi. Mama anauza mahamri na mbaazi mtaa wa Barani. Tarehe 3 Machi anakuta ilani ya shilingi 5,000: amemwaga maji machafu barabarani, saa tisa alasiri. Ilani yenyewe haitaji sheria gani wala kifungu gani. Wengi hapa huandika barua ya kulia: mimi ni mjane, biashara ni mbaya, watoto wako shule, naomba mnisamehe. Huruma si dhambi, lakini barua hiyo imeshakiri kosa. Anayeisoma hana la kuchunguza. Ana la kusamehe tu, na akikataa amemaliza kazi. Kikaratasi kizuri kingempa mama huyu maneno ya kuanzia, kwa Kiswahili, mfano:

"Napinga ilani nambari ____ ya tarehe 3 Machi. Ilani inasema maji yalimwagwa saa tisa alasiri. Kibanda changu hufungwa saa nne asubuhi, na majirani wawili waliotia sahihi hapa chini waliniona nikifunga siku hiyo. Naomba adhabu ifutwe, na isidaiwe wala kuongezwa mpaka nijibiwe. Chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, naomba nipewe kwa maandishi sababu za uamuzi huu, kifungu cha sheria kilichotumika, na picha au maelezo ya askari aliyeandika ilani."

Hakuna zaidi. Saa ndiyo nguzo ya barua hii, kwa hiyo imetangulia. Kama angekuwa na picha ya bomba la jirani linalovuja, ingeingia hapo pia, mradi picha ionyeshe kitu cha kutambulisha mahali, ukuta au bango, na ipigwe siku ile ile. Picha ya dimbwi peke yake ni dimbwi tu. Laweza kuwa la mtaa wa Maweni.

Sasa ombi la sababu, ambalo ndilo watu huliruka. Sheria hiyo inampa ofisa siku 30 tangu apokee ombi kutoa sababu kwa maandishi. Mama akipeleka barua tarehe 10 Machi, siku 30 zinaishia tarehe 9 Aprili. Ofisa akinyamaza, na suala likafika mahakamani kwa mapitio, uamuzi wake utachukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu ya maana, isipokuwa athibitishe vinginevyo. Msinielewe vibaya: ilani haijifuti yenyewe tarehe 10 Aprili, na asije mtu akampungia askari barua akidhani deni limekufa. Lakini ukimya wa ofisi, ambao kwa kawaida humuumiza mlalamishi, hapo unaanza kuiumiza ofisi.

Na hizo siku 30 zitahesabiwa kutoka wapi? Kutoka kwenye mhuri. Ndiyo maana nakasirika kikaratasi kikikosa neno moja kuhusu mhuri. Barua iwe nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na urudi nayo nyumbani. Karani atasema, "Acha tu hapa mama, tutakupigia." Usiiache. Mhuri ukiwa umefungiwa kabatini, aandike jina lake, tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Bila hayo, mwezi ujao utaambiwa hakuna barua iliyofika, na hutakuwa na la kujibu. Ilani yenyewe usiitoe, toa kopi. Nimetaja kabati kwa sababu mihuri ya ofisi zetu hufungiwa kuliko fedha.

Nakubali, shingo upande, kwamba kaunti ina haki ya kutoza wanaochafua. Mitaro yetu inasema yenyewe. Nakubali pia kikaratasi hakiwezi kubeba sheria zote. Lakini sheria ile ile ya 2015, kifungu cha 4, inataka mtu anayeathiriwa na uamuzi aarifiwe haki yake ya kuomba upitiwe upya, pale ambapo haki hiyo ipo. Maelezo hayo yangefaa kuwa nyuma ya ilani yenyewe, si kwenye kikaratasi kinachogawiwa siku ya mkutano wa baraza.

Waliokwisha kulipa kwa sababu gari lilifungwa minyororo waandike barua vilevile, waseme wamelipa huku wakipinga, na waambatanishe risiti. Pesa iliyopita mkono kwa mkono bila risiti haina pa kudaiwa.

Waliopewa karatasi ya mahakama wana tahadhari yao. Mtu hushikwa asubuhi, akafikishwa kortini, akaambiwa na wajuaji wa kwenye korido, "Kubali tu, utatozwa kidogo uende zako." Anakubali. Akitoka anataka kukata rufaa kwamba hakutenda kosa. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamfungia mlango huo: aliyekubali shtaka anaweza kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Rufaa yenyewe ina siku 14 tangu hukumu. Na wanaokubali kwa hofu ya kulala rumande hawaambiwi kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa ya vibanda na taka yanaweza kuwa humo. Mstari huu mmoja ungechapwa kwa herufi nene, juu kabisa, kabla hata ya nembo na picha za wakubwa.

Waandike pia jina la ofisi, nambari ya chumba, siku na saa inapopokea barua, na kama ya Malindi inapokelewa Malindi au ni mpaka Kilifi.