Mfasiri ajitambulishe kwa lipi?

"Huu ni mwaka wa 9 natafsiri kwa kujitegemea, Kiingereza kwenda Kiswahili, zaidi mambo ya afya. Kila nikikaa kuandika utambulisho wangu, nikitaja niliyoyafanya naona najisifu. Nikiyaacha, yanabaki maneno ambayo yeyote angeweza kuyaandika. Na wateja wangu wengi nimetia saini kwamba sitawataja. Niandike nini?"

Wapo wafasiri wazuri sana watakaokushauri uweke jina na lugha zako, basi. Hoja yao ni ya zamani: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siwabezi, kwa kuwa wengi wao wanaishi kwa kazi zinazoletwa na wateja walioelekezwa na wateja wenzao, na kwa mtu wa namna hiyo utambulisho hausomwi sana. Lakini methali ile inamhusu mnunuzi anayeweza kukishika kitu mkononi na kukigeuzageuza. Anayekutafuta wewe mara nyingi hasomi Kiswahili, ndiyo maana anakutafuta. Mwekee mezani tafsiri bora na tafsiri mbovu, zote kwake ni sawa. Tena nyaraka tunazozitafsiri aghalabu hazibebi jina la mfasiri. Kizuri chetu kwa hiyo hakina namna ya kujiuza chenyewe; lazima kisemewe.

Upande wa pili wanasema: weka namba. Ushauri huu una nguvu zaidi, ila unaumiza wasiouangalia vizuri. Chukua mfasiri anayeandika kwamba ametafsiri maneno milioni 5 kwa miaka 3. Anayegawa kazi kwenye kampuni ya tafsiri anajua kuwa mfasiri makini hutoa maneno kama 2,000 kwa siku, yakizidi kidogo kwa matini nyepesi. Atachukua siku 250 za kazi kwa mwaka, azidishe kwa 3, apate siku 750, kisha agawe. Jibu ni zaidi ya maneno 6,600 kila siku, bila kuugua wala kukosa kazi hata siku moja. Ama namba ni ya uongo, ama kazi haikupitiwa upya, na yote mawili yanamfukuza. Hivyo hivyo kwa anayeandika kwamba tafsiri zake zinakidhi ISO 17100, kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, huku anafanya kazi peke yake. Kiwango hicho kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu mwingine asiye mfasiri mwenyewe, akilinganisha na matini chanzi. Asiyemtaja huyo wa pili amedai kisichowezekana.

Kwa hiyo kinachojenga imani si namba kwa sababu tu ni namba. Naitazama kila sentensi kwa swali moja: je, mtu asiyeijua kazi hii angeweza kuiandika? Jaribu hii, ambayo nimeiona kwa sura nyingi: "Mimi ni mfasiri mahiri mwenye uzoefu mkubwa katika afya, sheria, fedha na teknolojia. Kazi zangu ni za ubora wa hali ya juu na huzikamilisha kwa wakati." Ondoa jina, weka la mwingine yeyote, hakuna kinachoharibika. Sasa linganisha na hii:

"Natafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, lugha yangu ya kwanza, sitafsiri kwenda Kiingereza. Kazi yangu kubwa ni nyaraka za utafiti wa tiba: fomu za ridhaa, hojaji za wagonjwa na vikaratasi vya maelezo ya dawa. Natoa maneno kama 2,000 kwa siku, pamoja na muda wa kupitia upya. Akihitajika mpitiaji wa pili, ninaye, na kazi yake inalipiwa kando. Sipokei mikataba wala hati za mahakama."

Humo hamna sifa hata moja, lakini kila sentensi inamfunga aliyeiandika. Mteja akipata maneno 2,000 yaliyojaa makosa, ana neno la kukushika nalo. Ahadi inayoweza kukuumiza ndiyo inayoaminika, na haiwezi kuitwa majivuno.

Bado ningeongeza jambo moja, na hapa ndipo umahiri wako unapoonekana bila kuutangaza: eleza tatizo moja la kazi yako na ulivyolitatua. Kwa mfano, neno plasebo katika fomu ya ridhaa, yaani kile wanachopewa baadhi ya washiriki wa utafiti mahali pa dawa inayojaribiwa. Ukiandika "dawa bandia", kama wengi wanavyofanya, msomaji anafikiria dawa feki, ile ya kughushi inayouzwa kwa udanganyifu. Mtu anayeombwa kutia saini anaweza kuondoka akiamini watafiti wamepanga kumtapeli. Kosa hili mara nyingi hugundulika kwenye tafsiri rejeshi, maana anayerudisha matini kwenye Kiingereza anakutana na dawa ya kughushi mahali ambapo haikuwapo. Unaweza kueleza kwamba wewe huandika "kidonge kinachofanana na dawa ya utafiti lakini hakina dawa ndani yake" mara ya kwanza, kisha "kidonge kisicho na dawa", na kwamba utafiti ukiwa wa sindano hubadilisha maneno yote mawili. Sentensi nne zinatosha. Hata asiyejua Kiswahili ataelewa, kwa kuwa unachomwonyesha ni maana na athari yake.

Mfano huu unakulinda pia kwenye usiri, kwa sababu neno plasebo ni la fani nzima, si la mteja mmoja. Shida huja pale maelezo madogo yanapojumlishwa. Niliwahi kutaja kwenye utambulisho wangu ugonjwa, mwaka na aina ya taasisi, nikiamini nimeheshimu mkataba kwa kuwa jina sikuliandika. Mteja akaniandikia kuniomba niyaondoe, kwa sababu waliokuwa wakiutafiti ugonjwa ule walikuwa wa kuhesabika na yeyote wa fani angemtambua. Niliyaondoa siku ileile, na ombi lake lilikuwa la haki. Tangu hapo naacha kitu kimoja tu kiwe finyu: nikitaja aina ya hati kwa usahihi, ugonjwa na mwaka naviacha.

Hoja ya kukataa kazi ndiyo inayonipa shida zaidi. Kwako wewe wa mwaka wa 9, "sipokei mikataba" inaongeza uzito, kwani inaonyesha unajua ujuzi wako unakoishia. Lakini mwenye mwaka mmoja akijifungia hivyo anaweza kukaa miezi bila kazi, na sitamwambia anakosea akiiacha sentensi hiyo. Yeye aeleze anachokifanya vizuri na anyamazie mengine, ilmradi asijitie kwenye fani nne ambazo hajazigusa.

Kuhusu mpangilio, kuna pingamizi moja nalikubali lote. Anayegawa kazi hupitia tambulisho nyingi kwa haraka, na mfano wa plasebo ukiwa mwanzoni utamchosha kabla hajajua kama unafanya lugha anayoitaka. Jozi ya lugha na mwelekeo wake vikae sentensi ya kwanza, aina ya hati ya pili, na mfano uje mwisho kwa aliyeamua kusoma zaidi. Ile miaka 9 nayo iandike kama mwaka ulioanza kazi, maana "miaka 9" itakuwa si kweli mwakani, na mteja akikuta hesabu iliyopitwa atajiuliza ni nini kingine hukukipitia upya.