Jogoo kumi na wanane wa Ligula

Mkataba wangu wa nyumba pale Ligula, Mtwara, ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Ukurasa wa kwanza ulisema kodi. Ile nusu yote ilisema misumari. Mpangaji aliyenitangulia alitundika televisheni ukutani, na siku ya kuhama akaibandua na kipande cha lipu cha ukubwa wa sinia. Kwa hiyo Bi Mkubwa, mwenye nyumba, alishika amana yangu ya shilingi 200,000 na kuniambia, "Mwanangu, nikikuta tundu moja tu, hata la pini, hiyo hela usiniulize."

Ukuta wa sebule ulikuwa mweupe na mrefu, kama wa zahanati. Nilianza na picha kwa gundi ya pande mbili. Kwa joto letu na unyevu wa bahari, picha zilikaa hadi saa nane usiku, kisha zikaanguka moja baada ya nyingine, na mimi nimejikunyata kitandani nikiamini nimeingiliwa na mwizi asiye na haraka.

Binamu yangu ndiye aliyeniambia habari ya kubandika kitambaa kwa wanga. Unapika uji wa muhogo, unapaka ukutani, unalaza kitenge, kikikauka kinashika kama rangi. Siku ya kuhama unakilowesha, kinabanduka chenyewe, unakifua na kukivaa. Hakuna msumari, hakuna tundu. Nikasema, kumbe nilikuwa nikiishi gizani.

Akanipa sharti moja: ukuta uwe wa rangi, usiwe wa chokaa. "Pitisha kiganja. Kikitoka na vumbi jeupe, acha kabisa, maana wanga utashika chokaa, na chokaa itakuja na kitambaa." Nilipitisha kiganja kuta zote nne, na shavu pia kwa uhakika. Safi. Nilijiona mhandisi.

Nikaenda sokoni nikachukua kitenge cha yadi 6, cheupe chenye majogoo mekundu. Wekundu wa kweli, ule wa pilipili. Nilikikata vipande vitatu vya yadi mbili mbili. Upana wa kitenge ni mita moja na kidogo, kwa hiyo vipande vitatu vikisimama bega kwa bega vinameza ukuta wa mita tatu na kidogo. Kila kipande kilikuwa na jogoo sita wakubwa. Hesabu hiyo iweke akilini.

Uji wenyewe si kazi. Vijiko vinne vikubwa vya unga wa muhogo uliochekechwa, nikavikoroga kwenye kikombe cha maji baridi hadi mabuje yakaisha, nikamimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku nikikoroga. Ule weupe unapopotea na uji ukaanza kung'aa kama ute, umeiva. Jirani alisikia mwiko, akaja na bakuli.

"Unasonga ugali saa hizi?"

"Napikia ukuta."

Alirudi kwake bila kuuliza tena, na tangu siku ile watoto wake hawakutumwa kwangu kuomba chumvi.

Nilisubiri uji upoe uwe vuguvugu, nikapaka ukutani kwa brashi kuanzia juu, nikalaza kitambaa, nikakipaka tena kwa juu na kusukuma mapovu pembeni kwa kiganja. Kesho yake kilikuwa kimekauka kikakaza kama ngoma. Nikakata pindo kwa wembe. Jamani, sebule ilipendeza! Wageni walikuwa wakigusa ukuta kabla ya kunisalimia.

Lililonisumbua miezi ile ni mende tu. Wanga ni chakula, na mende wa Mtwara hawana aibu. Usiku nilikuwa nikiwasikia wakitafuna pindo la chini, taratibu, kama wanaokula daku. Nilifuta pindo lile, nikapaka uji mwepesi zaidi, tukavumiliana.

Kisha nikapata uhamisho wa kwenda Masasi. Bi Mkubwa akapiga simu kwamba Jumamosi atakuja kukagua. Jumatano jioni nikachukua sifongo na ndoo ya maji ya moto, nikalowesha kipande cha kwanza, nikasubiri kama dakika kumi, nikashika kona ya juu na kuvuta kwa upole. Kikatoka kizima, laini, kama ganda la ndizi mbivu. Nikacheka peke yangu.

Nikainua macho. Jogoo sita walikuwa wananitazama kutoka ukutani.

Kitenge kipya kina rangi ya ziada isiyoshika uzi. Ilipaswa nikiloweke na kukisuuza mpaka maji yatoke meupe, kisha nikandamize kona iliyolowa kwenye leso nyeupe nione kama inaacha alama. Mimi niliupima ukuta, sikukipima kitambaa. Ule uji wa vuguvugu ulikuwa umewachapisha majogoo wangu mmoja mmoja, wa waridi, mkia hadi upanga wa kichwani. Nikabandua vipande viwili vilivyobaki nikitumaini mambo mengine. Jogoo kumi na wanane.

Alhamisi nilinunua lita moja ya rangi nyeupe ya maji. Nikapaka. Wakatoweka. Nikaoga, nikala, niliporudi sebuleni rangi imekauka na wao wamerudi, hafifu kidogo, kama watu waliotoka safari. Nikapaka mkono wa pili. Baada ya saa moja wamesimama palepale. Mkono wa tatu nilipaka huku nasoma dua.

Ijumaa asubuhi nikamwita fundi rangi. Alisimama mlangoni na soda yake, akatazama, akauliza, "Umepaka rangi ya maji?" Nikaitikia. "Ndiyo unawapa maji wanywe." Doa lile linayeyuka kwenye maji, akanieleza, kwa hiyo kila ukipaka rangi ya maji linayeyuka upya, na rangi inapokauka linapanda nayo juu. Unaweza kupaka debe zima. Lazima kwanza uwafungie kwa mkono mmoja wa rangi ya mafuta isiyong'aa, uache ikauke kabisa, ndipo urudi na rangi ya maji juu yake.

Tukafungua madirisha yote na kupaka. Harufu ya thina ilinilaza kibarazani. Alfajiri ya Jumamosi tukapaka rangi ya maji ukuta mzima, kona hadi kona, kwa sababu fundi alikataa kupaka madoa peke yake. Nyeupe mpya kando ya nyeupe ya miaka mitatu huonekana kiraka hata kwa kipofu. Tukangoja. Saa moja. Mbili. Hakuna aliyerudi.

Bi Mkubwa alifika saa nne.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hakungoja jibu. Alipapasa kuta zote kwa ncha za vidole, polepole, kama anayesaka fundo kwenye ushanga. Hakuna tundu. Akatabasamu. Akafungua pochi, akahesabu noti, akanyoosha mkono, kisha akasita na kuusukuma mlango wa sebule ulioegemea ukuta siku zote tatu zile.

Nyuma yake, pale ambapo brashi haikufika, alikuwepo mmoja.

"Na huyu?"

"Huyo... alikuwepo, Mama."

Akamwangalia jogoo, akaniangalia mimi, akatoa noti mbili za elfu kumi kumi katika zile alizohesabu na kuzirudisha kwenye pochi.

"Wa kienyeji," akasema. "Ndiyo bei yake sokoni."