Kabla ya kulipia zawadi mtandaoni, omba video

Wanunuzi wengi humpima muuzaji wa Instagram kwa idadi ya wafuasi na uzuri wa picha zake. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo vipimo dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa wafuasi hununuliwa na picha huchukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Swali lenye faida ni iwapo mzigo uko mkononi mwa muuzaji leo hii, maana jibu lake hugusa ubora wa bidhaa, muda wa kufika na uaminifu wa muuzaji kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa mama aliyeko Mwanza anayetaka seti ya sufuria ya kumpa mpwa wake kwenye kicheni pati ya Jumamosi ya wiki ijayo. Ameona tangazo la muuzaji anayesema yuko Kariakoo: vipande 10 kwa shilingi 95,000, mikoani wanatuma. Kabla ya kuzungumzia malipo, mama huyu aombe video fupi ambayo ndani yake muuzaji ameandika kwenye karatasi jina la mteja na tarehe ya siku hiyo, akaiweka karatasi juu ya boksi, kisha akalifungua boksi bila kukata video. Picha ya kuiba haiwezi kutimiza ombi hilo.

Video hiyohiyo ndiyo mahali pa kukagua ubora. Muuzaji atandaze vyote mezani ili vihesabiwe, kwa sababu katika seti nyingi mifuniko huhesabiwa kama vipande, na hapo vipande 10 huwa ni sufuria tano tu. Aweke futi kwenye mdomo wa sufuria kubwa, kwani picha za matangazo hazina kitu cha kulinganishia, na sufuria ya sentimita 20 huonekana sawa na ya sentimita 28. Aigeuze pia ionekane kitako, maana kitako chembamba hupinda kwenye moto mkali wa gesi na sufuria ikaanza kuyumba jikoni.

Muuzaji akianza kusema kwamba stoo imefungwa au kijana wa dukani ametoka, si lazima awe tapeli. Huenda ni dalali anayechukua bidhaa kwenye maduka ya wengine na kuongeza chake juu, biashara ambayo sioni ubaya wake, ila mtu wa namna hiyo hawezi kukuhakikishia ubora wa kitu ambacho hajakishika. Huenda pia anaagiza China baada ya kupokea fedha zako. Mzigo wa meli kwa kawaida huchukua zaidi ya mwezi, na hata wa ndege unaweza kuchelewa forodhani, kwa hiyo ahadi ya kuufikisha kabla ya Jumamosi haina msingi wowote.

Kuhusu malipo, njia ninayoiamini zaidi ni kumwomba ndugu aliyeko Dar es Salaam apite dukani, aukague mzigo, alipe, kisha aupeleke mwenyewe kwenye ofisi ya basi. Muuzaji mwenye duka hatakataa mteja kufika. Ikiwa hakuna ndugu wa kutuma, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri, na usitishe malipo ikiwa halifanani na jina la duka wala la mtu uliyezungumza naye. Lipa Namba yenye jina la biashara ni afadhali kuliko namba binafsi, ingawa nayo haithibitishi kwamba sufuria zipo. Ukiombwa baadaye fedha nyingine za bima au za kuutoa mzigo stoo, usilipe, kwa sababu gharama halali ya usafiri hutajwa mapema.

Mzigo ukishapakiwa, omba picha ya risiti ya basi, kisha ipigie ofisi ya basi hilo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye picha, kwa maana risiti ya kughushi hubeba namba ya kughushi. Kwa shughuli ya Jumamosi ningetaka mzigo uondoke Dar es Salaam si baada ya Jumanne, ili boksi likifika limebonyea au mfuniko umevunjika, ibaki nafasi ya kununua kitu kingine palepale Mwanza.

Fedha zikiwa zimekwenda na muuzaji amekufungia, wapigie mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wako wa simu, kwani zikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kuzirudisha. Itume namba ya tapeli kwenda 15040, na upeleke polisi ujumbe wa muamala pamoja na mazungumzo yote, ambayo hayapaswi kufutwa hata kama yanakuudhi kuyasoma.